Jogoo wa Kifungu cha Saba

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini mtu akiingia ofisini kwako amebeba ubavu wa kitanda, utamchekea?

"Nimefukuzwa nyumba, Dada Sheria," akasema fundi cherehani, akautua ule ubavu juu ya meza yangu, juu ya mafaili ya watu.

Nikachungulia dirishani. Nje palikuwa na mkokoteni: cherehani, magodoro mawili, masufuria, vitambaa vya wateja vimefungwa kwa shuka. Na juu kabisa ya magodoro, mgongo umenyooka na mkoba mapajani, alikaa mama mkwe wake.

"Amekufukuza nani?"

"Notisi."

"Umeisoma?"

"Nimesoma kichwa."

Ewe Mola, nipe subira! Mwaka wa tisa huu nafanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria, na ugonjwa wa wapangaji ni ule ule. Mtu anaona NOTISI kwa herufi kubwa, moyo unamruka, anafungasha virago. Karatasi haijawahi kumtoa mtu ndani ya nyumba. Miguu yake mwenyewe ndiyo inayomtoa.

"Ukihama nyumba hiyo utapata nyingine?"

Akatikisa kichwa. Wateja wake wote wanamjua pale, kwenye kile chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani. Akihama, anaanza moja, na mke wake yuko masomoni mbali kwa miezi mitatu. Nikamhurumia, ingawa ubavu wa kitanda ulikuwa bado juu ya mafaili yangu.

Mimi notisi zote nazifupisha kwa namna moja: karatasi moja, maswali matatu. Kwa nini? Lini? Ufanye nini? Mwenye nyumba alikuwa ameandika kurasa mbili, kaingiza na habari za marehemu baba yake. Nilipoondoa makapi, zikabaki punje chache.

"Kwa nini," nikasoma huku naandika. "Mpangaji amevunja kifungu cha saba cha mkataba kwa kufuga jogoo. Jogoo huyo huwika alfajiri, hurudia kila baada ya dakika tano, na hana adabu."

Fundi akainamisha kichwa.

"Lini. Uwe umetoka tarehe thelathini. Uliipokea lini?"

"Jana, tarehe kumi."

"Lete mkataba."

Aliutoa mfukoni, umekunjwa mpaka unalingana na kiberiti. Kifungu cha saba kilikuwepo kweli: hakuna kufuga mnyama wala ndege bila ruhusa ya maandishi. Lakini watu hawafiki kifungu cha kumi na mbili. Mpangaji akivunja sharti, kwanza anapewa onyo la maandishi na siku kumi na nne za kurekebisha. Asiporekebisha, ndipo anapewa notisi ya siku thelathini, zikihesabiwa tangu siku aliyoipokea.

"Uliwahi kupewa onyo la maandishi?"

"Aliwahi kunikazia macho."

"Macho si maandishi. Basi onyo hakuna, na siku amekupa ishirini badala ya thelathini. Notisi hii ina kasoro mbili kabla hatujamfikia huyo jogoo. Haya, yuko wapi?"

Fundi akatazama dirishani, akasogeza kiti, akaninong'oneza. "Andika kwamba nimemchinja."

"Umemchinja lini?"

"Sijamchinja. Hakuna jogoo."

Nikaweka kalamu chini. "Hakuna jogoo, na unataka niandike umemchinja? Wewe fundi, una akili timamu? Ukiandika hivyo umekiri kwamba ulimfuga! Umempa sababu ambayo hakuwa nayo. Na mimi siandiki uongo kwenye barua itakayoweza kufika mbele ya baraza la nyumba."

Ndipo akanieleza, kwa sauti ya mtu anayeungama. Jogoo ni simu. Simu ya mama mkwe. Ameiwekea kengele yenye mlio wa jogoo, na kila asubuhi inawika dirishani mpaka mtaa mzima unaamka.

"Si umwambie apunguze sauti?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Mimi? Nimwambie mama mkwe wangu kwamba ananipigia kelele? Mke wangu angekuwepo angemwambia yeye. Mimi bora nihame."

Na kweli alikuwa amehama! Mtu mzima, ana ndevu, amepakia nyumba nzima kwenye mkokoteni ili asimtamkie mama wa watu sentensi moja. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Kisha nikamalizia karatasi yake, swali la tatu.

Usitoke. Wala usikae kimya. Mjibu kwa maandishi ndani ya siku chache: sababu si ya kweli, onyo halikutolewa, siku hazikutimia. Mkaribishe aje akague. Nakala abaki nayo yeye, nakala yako aitie sahihi na tarehe ya kupokea. Pango lipa kama kawaida. Aking'ang'ania, aende yeye baraza la nyumba, na ukiitwa huko usikose. Bila amri ya baraza hawezi kukutoa. Akithubutu kubadilisha kufuli, njoo siku hiyo hiyo tuombe amri ya kumzuia.

"Lakini barua itasema ukweli wote," nikamwambia, "na simu imo. Kwa hiyo mama lazima ajue."

"Basi mwambie wewe."

Nikatoka. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu pale mkokotenini, jogoo na yote. Fundi alijificha nyuma ya mlango wangu, viatu vinaonekana.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alifungua mkoba, akaitazama simu yake, akaufunga.

"Mimi naamka kabla ya jogoo yeyote," akasema. "Kengele ile naiweka kwa ajili yake. Tangu mwanangu aende masomoni, huyu baba halali mapema, anashona tu, asubuhi wateja wanagonga wanaondoka. Nami ni mkwe wake, nitamwamshaje? Nikatafuta mlio mkali, nikauweka dirishani kwake."

Viatu vikatoka nyuma ya mlango. "Mama, mimi nilikuwa nasikia," fundi akasema, macho chini. "Nikadhani ni kengele yako. Nikawa nalala kimya, nisikusumbue."

"Dakika arobaini?"

"Heshima, mama."

Jamani! Watu wawili wenye adabu zao wamekaribia kulala nje.

Barua tuliiandika mchana ule ule, na mama mkwe alisisitiza kuweka sahihi kama shahidi. Mkokoteni ukarudi ulikotoka. Mwenye nyumba alikuja kukagua, akainama chini ya vitanda vyote, akafungua hata kabati, kisha akaonyeshwa simu. Akasema yameisha. Fundi, ambaye safari hii alikuwa amesoma karatasi yake mpaka chini, akamwambia hayajaisha mpaka yaandikwe. Mwenye nyumba akaandika: notisi imefutwa.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kunionyesha. Nikampongeza, nikaweka nakala kwenye faili, nikadhani ataaga. Akabaki amesimama.

"Siku hizi mama ananigongea mlango," akasema. "Anasema, 'Amka, mwanangu, watu wamekuja.' Tunakunywa chai pamoja. Dada Sheria, mwaka mzima tumekaa nyumba moja, nami nilijua hanipendi."

Machozi yalinijia, nasema kweli. Nikamwambia atoke, nina kazi.