Risiti Iliyobandikwa Ukutani

Chiku aliingia studio ya Lidwina pale Msamala ameshika bahasha kama amebeba yai bichi. Salamu yake haikupokelewa.

"Leo umepotea njia?" Lidwina aliuliza bila kuinua macho. "Au unga wako wa mchanga unataka picha ya pasipoti?"

Uadui wao ulianzia kwenye mashine ya Chiku ya kusaga nafaka, siku mahindi ya Lidwina yalipotoka yamechanganyika na makopa ya muhogo yenye mchanga ya mteja aliyetangulia. Tangu hapo, ukitaja jina la mmoja, mwingine anatema mate. Lakini aliyejulikana kwa kufufua picha zilizokufa alikuwa Lidwina huyohuyo, na Chiku hakuwa na nafasi ya kuringa. Nyuma yake walikuwa wameshaingia shemeji yake, Hassani, na mtendaji wa mtaa, Makarius. Nje gari dogo la mizigo, kirikuu, lilikuwa linangoja kubeba mota ya mashine.

Hassani alisema mota ile aliinunua marehemu kaka yake, mume wa Chiku. Chiku alisema aliinunua mwenyewe. Makarius akakata maneno: ioneshwe risiti inayosomeka, la sivyo mota ikae kwa Hassani mpaka mirathi igawanywe. Chiku alimjua shemeji yake. Mgawo huo ungefanyika siku ya kiyama, jioni.

Lidwina akaitoa risiti kwenye bahasha. Ilikuwa imepauka, kijivu kisichosema kitu.

"Uliifua?"

"Niliibandika ukutani mwa mashine, kwenye mfuko wa nailoni, kila mwenye kidomodomo aisome."

"Jua na nailoni vimeisoma kwanza, vikaimaliza."

Hassani akacheka. Kisha akalainisha sauti. "Shemeji, si uipige lamineti, isichakae zaidi? Mashine ile pale, imeshapata moto."

Chiku, aliyewahi kupiga lamineti hata cheti cha ubatizo cha mpangaji wake, akaichukua risiti na kuipeleka kwenye mashine. Lidwina akamchapa kofi mkononi.

"Wee! Unataka kuizika?" Akatoa risiti ya wakala wa pesa kwenye pochi yake, akaipitisha mashineni. Ilitoka upande wa pili nyeusi tii. "Karatasi hii haina wino. Inaandikwa kwa joto. Ukiipasha yote, inakuwa nyeusi yote."

Chiku akamtazama Hassani. Hassani akatazama dari.

Lidwina aliilaza risiti mezani, akaibana kingo kwa rula. Kamera aliifunga kwenye stendi ikiangalia chini moja kwa moja. Flashi akaizima, akaweka taa huku na huku, zimeinama. Akapunguza mwanga wa kamera. "Karatasi ikiungua kwa weupe, hata kile kidogo kilichobaki kinapotea."

Kwenye kompyuta picha ilikuwa kijivu vilevile. Akaondoa rangi nyingine akabakiza ya bluu tu, maana alama za risiti iliyofifia huwa za manjano, na kwenye bluu manjano huonekana giza. Kisha akaanza kuuvuta ule ukijivu mwembamba, upande huu uwe mweusi, upande ule mweupe. Herufi zikaanza kujitokeza kama upele.

"Anachora!" Hassani aliruka. "Mtendaji, kompyuta inaandika hiyo!"

"Kaa hapa," Lidwina akamsukumia kiti na kumpa kipanya. "Vuta mwenyewe, mchawi mkubwa."

Hassani akavuta kulia, herufi zikaja. Akavuta kushoto; zikaondoka. Akarudia, jasho likimtoka. MOTA, ilisomeka. Mahali pa jina la mnunuzi palikuwa na doa.

"Si herufi ya C hiyo?" Chiku aliomba.

"Naona doa. Sisomi nisichokiona, hata ukilia."

"Umeona?" Hassani akachangamka. "Hakuna jina! Mashine ile haijawahi kuwa na mota nyingine, ni hiyo moja ya kaka." Kwa furaha akavuta zaidi, na mstari wa tarehe ukasimama wazi.

Makarius akainama. "Agosti, elfu mbili ishirini na moja. Hassani, kaka yako tulimzika lini?"

Hassani akakiachia kipanya.

"Januari ya mwaka huohuo," Chiku alisema. "Nimetoka eda ndipo nikaenda dukani."

"Basi hiyo ni mota nyingine!"

"Umesema mwenyewe ni moja," Makarius alijibu. "Kakiambie kirikuu kiondoke."

Hassani alitoka akitukana mpaka karatasi. Lidwina alichapa nakala, akairudisha risiti kwenye bahasha.

"Ikae gizani, kwenye bahasha hiyo hiyo. Nailoni kafungie vitumbua."

"Ahsante, dada."

"Dada yako nani? Lipa, utoke."

Chiku alilipa. Mlangoni akageuka. "Mahindi yako lete. Nitaifagia mashine kwanza."

"Nitaleta. Na nitasimama palepale nakutazama."

"Simama. Ila mifuko nitakusachi, usije ukaniletea mchanga wa kwako."