Cheti Kilichotundikwa Mbele ya Leseni

Halwa ikishaanza kukaza huwezi kuiacha. Ukipumzisha mwiko hata kwa kitambo kidogo, inashika chini, na sufuria nzima inanuka moshi. Ndiyo maana siku ile maafisa wa kaunti walipoingia jikoni kwetu, hapa Shela, Malindi, ugomvi wote niliupigana nimesimama, mikono yangu miwili juu ya mwiko na jasho likinitiririka hadi kiunoni.

Walikuwa wawili: Bwana Kavumbi wa idara ya biashara, na askari mmoja asiyesema. Kavumbi alimwamkia mama kwanza, maana ana adabu zake.

"Shikamoo, Bi Chiku."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Leo tunapita kukagua leseni. Yenu i wapi?"

Mama akanyoosha kidole ukutani kwa fahari. Pale, ndani ya fremu yetu moja, chini ya nembo ya taifa, palikuwa na cheti cha kusajiliwa kwa Chiku Halwa Limited. Kavumbi alikisogelea, akakisoma chote, kisha akatikisa kichwa.

"Hii si leseni, mama. Hiki ni cheti cha kampuni."

Ndugu yangu Taufiq alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama, kanzu nyeupe pee, simu mkononi. Kampuni ile aliisajili yeye miezi michache nyuma, aliporudi kutoka Mombasa na habari za hoteli ya Watamu inayotaka halwa yetu kila wiki. Hoteli haitaki kununua kwa mtu, alisema, inataka kampuni. Nikamwambia sawa. Akaniambia pia kwamba jiko litahamia Watamu na mimi nitakuwa mpishi mkuu. Mpishi mkuu! Mimi ninayeliendesha jiko hili tangu mama alipoanza kuumwa na magoti. Lakini alisema kampuni ni ya familia, sisi watatu, nikajinyamazia.

"Bwana Kavumbi," Taufiq akasema bila kuinuka, "hicho kimetoka kwa msajili wa kampuni, Nairobi. Leseni ya kaunti ni kitu gani mbele yake?"

"Ni kitu kingine, si kikubwa wala kidogo," Kavumbi akajibu. "Cheti chako kinasema kampuni ipo kisheria. Hakisemi inaruhusiwa kupika halwa katika chumba hiki. Hilo ni la leseni, na leseni sharti itundikwe mahali inapoonekana. Nisipoiona, itabidi nifunge jiko."

Afunge! Na halwa ya harusi ya watu iko motoni. Leseni nilikwenda kuichukua mwenyewe, na fremu ile niliinunua kwa ajili yake.

"Mama, leseni umeiweka wapi?"

Mama akainamisha macho. "Iko nyuma yake. Fremu ni moja."

"Iteremsheni basi! Mimi siwezi kuachia!"

Askari akaiteremsha, akafungua kifuniko cha nyuma, na leseni yetu ikatoka imekunjwa pembe. Kavumbi akaisoma kwa sauti: Mahira Awadh, kutengeneza na kuuza halwa, nambari ya kiwanja, mwaka huu. Akaniangalia mimi. "Iko sawa. Irudisheni mbele."

Hapo yangekwisha. Ila Taufiq alisimama, akakung'uta kanzu. "Vizuri. Sasa hilo jina la Mahira libadilishe, uandike la kampuni. Biashara ni ile ile."

"Si ile ile. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Ikitaka kupika hapa iombe leseni yake, ilete na karatasi za afya, ionyeshe chumba imekipata kwa nani."

"Kwani kampuni ni ya nani?" nikauliza. Sijui kwa nini nilimuuliza Kavumbi na si ndugu yangu. Labda moyo ulikuwa umeshajua.

Kavumbi akakigeuza cheti. "Hiki hakisemi, dada. Hapa pana jina la kampuni, nambari yake na tarehe ya kusajiliwa. Wakurugenzi na wenye hisa wamo katika waraka mwingine, unaombwa kwa msajili."

"Ni yetu sote watatu," mama akasema. "Taufiq ameniambia."

Taufiq akainamia simu yake. Mwiko ukazunguka, samli ikachuruzika pembeni.

"Taufiq," nikasema.

"Ilikuwa haraka. Nilijiandikisha peke yangu kwanza. Mtu mmoja anaruhusiwa."

"Kwanza? Na mimi wa pili lini? Nikishafika Watamu kukupikia kwa mshahara?"

"Usinipigie kelele mbele za watu! Wewe una nini? Leseni! Mwaka ukiisha nayo imekwisha. Kampuni haina mwaka. Na jina la Chiku Halwa sasa ni langu, umuulize huyu kama leseni yako inakupa jina."

Nilimtazama Kavumbi, naye, haki ya Mungu, alikuwa na haya. "Leseni haimpi mtu jina," akasema polepole. "Inasema wewe ndiye unayefanya biashara hii, hapa, mwaka huu. Basi. Kama kuna mzozo juu ya nani alilitumia jina kwanza, hilo ni la wakili."

Basi! Miaka yote ile ya kuchomeka mikono, watu wa Mambrui wanakuja wanauliza halwa ya Bi Chiku, na hakuna karatasi hata moja inayosema halwa ya Bi Chiku ni ya nani, isipokuwa ile aliyoileta mtu asiyejua hata wanga unalowekwa vipi. Ningekuwa na mkono mmoja huru ningemrushia kitu. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, na sijutii.

Kavumbi na askari wake wakaaga, wakaondoka. Mama akaichukua fremu, akaipangusa kioo kwa upindo wa leso, akairudisha leseni mbele na kuitundika. Cheti akakikunja vizuri, akampa mwanawe.

"Mimi sijafa, Taufiq," akasema. "Kabla ya kuliandika jina langu ungeniuliza."

"Mama, nitakuongezeni. Wote wawili. Wallahi."

"Ukishatuongeza uje na huo waraka mwingine, Mahira anisomee. Kabla ya hapo jikoni kwa mwanangu usiingie."

Akatoka na cheti chake. Ana kampuni halali kabisa, hakuna wa kumpokonya, na haina sufuria, haina jiko, haina mtu wa kukoroga. Aiuzie hoteli hiyo nambari! Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, na hasira haikupungua hata tone.

Mama akaja akasimama kando yangu. Akaushika mwiko juu ya mikono yangu, jambo ambalo daktari amemkataza, tukakoroga pamoja mpaka halwa ikaanza kuachana na sufuria.

"Kwa nini, Mama?" nikamuuliza. "Leseni ya jasho langu uifiche nyuma ya karatasi ya Taufiq?"

Aliinua uso akaitazama fremu, leseni ikiwa na jina langu lote.

"Ile nyingine," akasema, "ilikuwa na jina langu."