Swali la Mama Cresensia

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, Jovina alikuwa na kazi yake aliyoipenda kuliko zote pale hoteli ya Mkadini: kuchuma maua ya asumini nyuma ya jiko na kuyagawa kwenye bilauri za mezani. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa kazi isiyomdai azungumze na mtu, na tangu alipomaliza chuo cha utalii na kuvuka bahari kuja Mafia, Jovina alikuwa akizitafuta sana kazi za namna hiyo. Jumatano ile alikuwa kwenye meza ya dirishani, maua yakiwa bado mkononi, aliposikia viatu vya meneja vikija mbio juu ya mbao.

"Acha maua," akasema Rabson. "Njoo ofisini."

Ofisini alimsukumia simu. "Soma. Amenijibu yule mama wa Morogoro. Na nakala kampelekea mwenye hoteli."

Mama Cresensia alikuwa muuguzi mstaafu. Wiki iliyopita alikuja na wauguzi wenzake saba kupumzika na kuiona hoteli, kwa sababu chama chao kilikuwa kinatafuta mahali pa kufanyia mkutano wa Oktoba. Jumamosi wakapelekwa kisiwa cha Juani kuangalia magofu ya Kua. Siku ile ilikuwa ya bamvua, siku ambazo maji ya ghuba ya Chole yakitoka yanatoka kweli, kunabaki tope na mawe hadi mbali. Siku kama hizo, kwa desturi ya watu wa Utende, kijiji ilipo hoteli, nahodha ndiye anayetaja saa ya kung'oa nanga, na hata abiria awe mkubwa vipi, hapingwi.

Jumamosi ile asubuhi nahodha alipingwa. Jovina alikuwa mapokezi, akasikia kwa masikio yake. Mzee Kombo alisimama mlangoni miguu ikichuruzika maji, akasema, "Meneja, tuondoke sasa. Maji haya hayatatungoja." Rabson akamjibu kwamba kuna wageni wawili wanatua uwanja wa Kilindoni, nao wamelipia safari ya Juani, basi boti isubiri. Kombo akarudia. Rabson naye akarudia, kwa sauti ya kumaliza maneno. Boti ikasubiri.

Jioni, kwa kuwa walitoka wamechelewa, boti ilirudi ikakuta maji yameshatoka, ikakaa juu ya mchanga mbali na ufuko. Wamama wakashuka, wakatembea kwenye tope lililowafika magotini, jua likiwazamia. Mmoja wao, Dada Safia, alichanwa mguu na jiwe akashonwa hospitali ya Kilindoni.

Jumatatu Mama Cresensia aliandika malalamiko. Rabson akamjibu mwenyewe jioni ile ile, bila kumwonyesha mtu. Sasa Jovina aliyaona majibu yale chini ya barua mpya.

"Tunasikitika kama ulikwazika," Rabson alikuwa ameandika. "Hata hivyo, ifahamike kwamba kupwa kwa maji ni jambo la asili lisilo chini ya uongozi wa hoteli. Aidha, wageni wote walishauriwa kuvaa viatu vinavyofaa."

Na hapo juu, Mama Cresensia: "Sikulalamikia bahari. Nimeuguza watu maisha yangu yote, namjua mtu anayejikinga akizungumza. Leo saa kumi kamati yetu inaketi kuamua juu ya Oktoba. Nitawaambia tusije."

"Mwenye hoteli amepiga kutoka Dar," Rabson akasema. Kola yake ilikuwa imelowa jasho, na asubuhi bado ilikuwa na baridi. "Kundi hili lisipokuja, anafunga mpaka Krismasi. Wote nyumbani. Wewe, mimi, jikoni kule, wote. Sasa wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Andika barua ya kumtuliza. Na uweke kwamba nahodha aliyehusika tumeshamwondoa kazini."

Jovina aliinua macho. "Mzee Kombo ameondolewa?"

"Nimemwambia mwenye hoteli kuwa nahodha alichelewa. Basi. Andika."

Alirudi mapokezi, akakaa mbele ya kompyuta ndogo, vidole juu ya herufi, na visiandike kitu. Dirishani aliwaona Kombo na Biubwa, mpishi, wamekaa kwenye ngazi ya jiko. Ufunguo wa injini ulikuwa umelala pajani mwa mzee.

"Shikamoo, Mzee Kombo," akasema kwa sauti ndogo kupitia dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa niurudishe huu kwako. Injini nshaiosha kwa maji baridi, ila mwambieni atakayekuja, ile plagi ya kushoto ina ukorofi."

"Na mie niandikie humo nimefukuzwa," Biubwa akasema akikuna nazi bila kumtazama. "Sema wali ulichelewa kuiva, ndo bahari ikakauka. Watasadiki."

Kombo akacheka, lakini kicheko kiliisha kabla hakijafika popote. "Miaka yote hii naambiwa nimezeeka na injini yangu," akasema. "Kumbe nimezeeka peke yangu, injini inabaki." Akaugeuza ufunguo pajani. Halafu akasema, kama anayeuliza habari ya mtu mwingine, "Binti, wataniandikia cheti nikaombe kazi kwa hao wenye boti za watalii wa kupiga mbizi? Au jina ndilo lishaharibika?"

Jovina aligeukia skrini ili uso wake usionekane. Chuoni walifundishwa kwamba kabla hujajibu malalamiko unayasoma mpaka mwisho, kisha unayasoma tena ukitafuta kitu kimoja tu: huyu mtu anataka nini. Alipoifungua barua ya kwanza, ile ya Jumatatu, aliona ni ndefu. Mama Cresensia alieleza tope, giza, kilio cha Dada Safia. Kisha akaandika: "Nahodha wenu alimbeba mwenzetu mgongoni mpaka nchi kavu, akarudi akanishika mkono mimi. Tulipokuwa tunatembea nilimwuliza kwa nini tuliondoka asubuhi tumechelewa. Akasema, mama, tufike kwanza. Hakumsema mtu. Kwa hiyo nawauliza ninyi: nani aliamua tuondoke saa ile?"

Barua iliishia hapo. Hakudai chochote kingine.

Jovina alibeba kompyuta mikononi, akaingia kwa meneja.

"Meneja, hii ya kwanza uliisoma yote?"

"Nilisoma ya kutosha."

"Mwishoni ameuliza swali." Aliiweka mezani, akasubiri, macho yake yakiwa kwenye kingo za meza. Rabson alisoma. Alipomaliza hakuinua uso.

"Huyu mama alibebewa mwenzake na mtu ambaye wewe unataka nimwandikie tumemfukuza," Jovina akasema. Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kumwambia. "Sitaweza kuiandika hiyo."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

Rabson alijisugua uso kwa viganja. "Jovina, nina watoto wanne Mbeya. Nikisema ni mimi, nakuwa wa kwanza kupanda boti ya Nyamisati kurudi bara. Unanielewa?"

"Nakuelewa." Na kweli alimwelewa, ndiyo maana ilimuuma. "Basi niruhusu niandike ambayo ni kweli. Na uniambie tunaweza kutoa nini, nisije nikaahidi kitu kisichokuwepo."

Walikaa juu ya barua ile mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mwenye hoteli alipigiwa, akanung'unika, akakubali nauli ya Juani irudishwe kwa wote wanane na gharama za matibabu zibebwe na hoteli. Mara mbili Rabson aliingiza "lakini", mara mbili Jovina akaifuta. "Ukiiweka hiyo," akasema, "yote yaliyotangulia anayasahau." Rabson alitaka pia "samahani kama mliumia." Jovina akauliza taratibu, "Kwani hatujui kama waliumia?" Rabson akaitoa "kama" mwenyewe.

Barua iliyotoka ilikuwa hii:

"Mama Cresensia, shikamoo. Tumesoma barua zako zote mbili mpaka mwisho, jambo ambalo tulipaswa kulifanya Jumatatu. Mlikuja kupumzika, mkaishia kutembea kwenye tope giza likiingia, na Dada Safia akaumia. Hofu ile na maumivu yale tumewasababishia sisi. Tunaomba radhi, pia kwa majibu tuliyokupa kwanza.

Boti ilicheleweshwa na hoteli. Nahodha hana kosa.

Nauli ya Juani ya wote wanane inarudishwa leo, na gharama za matibabu ya Dada Safia, pamoja na za kuutazama mguu tena huko Morogoro, ni juu yetu. Kuanzia leo saa ya kuondoka inatajwa na nahodha peke yake, na mgeni aliyechelewa atapangiwa siku nyingine. Ukihitaji kuzungumza nasi, namba ya meneja ni hii hapa chini."

Rabson aliisoma akisogeza midomo. Kidole chake kilikaa kwenye "hoteli" muda mrefu, kisha akabonyeza kutuma.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Biubwa alileta chai, hakuna aliyeigusa. Kombo alikuwa bado ngazini, kwa sababu hakuna aliyempa ruhusa ya kwenda wala ya kubaki. Jovina aliitazama saa ya ukutani ikitambaa kuelekea saa kumi, akawaza jinsi atakavyofunga sanduku lake, na kwamba barua, iwe nzuri vipi, ni maneno tu, na yule mama alikwisha kupewa maneno.

Saa tisa na nusu simu ya Rabson ikalia. Aliiangalia kama kitu kinachong'ata. Akaipokea na kuiweka mezani kwa spika, Jovina naye asikie.

"Meneja?" Sauti ya Mama Cresensia ilikuwa tulivu, ya mtu aliyezoea wodi. "Barua nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali mnapojitetea, sikupaona. Na Safia nimemsomea, amelia kidogo. Nakushukuruni."

"Tunashukuru sisi, mama."

"Ila swali langu hamjalijibu. Mmesema hoteli. Hoteli ni nyumba, baba, nyumba haisemi boti isubiri. Nataka kujua tu nikiwaleta watu wangu Oktoba, nawaweka mikononi mwa nani."

Kombo alikuwa amesimama mlangoni sasa, ufunguo mkononi, amekuja kuuweka mezani aende zake. Aliposikia ile sauti akasimama hapo hapo. Jovina alimtazama meneja, na kwa mara ya kwanza hakuyaondoa macho yake.

"Unajua, mama," Rabson akaanza, "siku ile ndege ilikuwa..."

Upande wa pili hakuna aliyemharakisha. Alimwangalia Kombo, akaangalia simu, akavuta pumzi iliyosikika chumba kizima.

"Mimi, mama," akasema. "Nahodha aliniambia mara mbili tuondoke, nikamkatalia. Niliyesema msubiri ni mimi."