Kaptula Hana Maji

Mume wangu ni daktari wa wanyama. Mimi ndiye mpokezi wake, mshika mikia wake na mfuta mikojo wake, ya wagonjwa, nafafanua mapema kabla hamjacheka. Kliniki yetu ni vyumba viwili vilivyobanana. Cha mbele kina benchi na mizani, cha nyuma kina meza ya chuma, jokofu la chanjo na sinki ambalo bomba lake limegoma kufunga sawasawa. Humo ndimo tulimommaliza Shangazi.

Shangazi alikuwa paka. Mama yangu alimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuingia chumbani bila kukikagua kona zote na kutoka na uso wa mtu aliyekuta vumbi. Alikuwa na kaka wa tumbo moja, mweupe, ila weusi umemfunika kuanzia kiunoni hadi magotini kama aliyevalishwa nguo ya shule. Huyo akaitwa Kaptula. Tangu sisi watoto tuondoke nyumbani, hao wawili ndio waliokuwa watu wa kusemeshwa mle ndani.

Shangazi alipoanza kuvimba tumbo huku mgongo unakonda, mama alimleta akicheka. "Mkwe, huyu si ulimfunga kizazi mwenyewe? Au kazi yako imefumuka?"

Mume wangu hakucheka. Alichoma sindano ubavuni akavuta maji ya rangi ya njano, mazito, yanayovutika kati ya vidole kama ute wa yai. Akajaza bilauri maji safi, akadondoshea siki kidogo, akachanganya, kisha akaweka juu yake tone moja la yale maji ya tumboni. Tone halikuyeyuka. Lilibaki na umbo lake, likaning'inia, likashuka taratibu.

"Mama, njoo uone mwenyewe," akamwita. Nakumbuka sauti yake. Ilikuwa ya mtu anayejua.

Damu nayo ilipimwa. Shangazi akakutwa na kingamwili za virusi vya korona vya paka. Mume wangu akavua glovu na kumweleza mama kwa upole kwamba ni FIP, ugonjwa unaoletwa na korona hiyo, aina yake ya maji. Mishipa ya damu imevimba na inavuja, tumbo linajaa, dawa hakuna, na kumwacha ni kumtesa. Jioni hiyohiyo Shangazi akachomwa sindano ya mwisho. Mama alimshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru kwa kumhurumia mnyama wake.

Kabla hatujamzika, mume wangu alichukua vipande vya ini na utumbo akavipeleka kwa mwalimu wake wa zamani wa chuoni, ambaye sote tunamwita Profesa. Alitaka kusikia kwamba yuko sahihi. Mtu hasemi hivyo, lakini mimi nimelala naye miaka mingi, namjua.

Profesa alipopiga simu, mume wangu alikuwa anamfunga mbwa bandeji, kwa hiyo nikaweka simu kwenye spika.

"Yule paka wako hakuwa na FIP," Profesa alisema bila hata salamu ya maana. "Nimetafuta kirusi ndani ya seli za kinga zilizojaa kwenye vidonda. Hakuna hata kimoja. Alikuwa na ugonjwa wa kuvimba njia za nyongo kwenye ini. Huo nao hutoa maji ya njano yenye protini nyingi."

"Lakini lile tone, Profesa. Halikuyeyuka."

"Tone lile likiyeyuka, unapata sababu ya kutilia shaka FIP. Lisipoyeyuka, linakwambia maji yana protini na kuna uvimbe mahali. Halikuambii ni uvimbe wa nini."

"Na kingamwili?"

"Wewe! Korona ya utumbo wa paka wanayo paka kibao, wengi wanaharisha kidogo au hata hawajijui. Kwa wachache tu kirusi kile hugeuka humohumo mwilini na kuingia kwenye seli za kinga, na hapo ndipo inakuwa FIP. Kipimo cha damu hakitofautishi kirusi kilichogeuka na kisichogeuka. Kinasema tu kwamba paka amewahi kukutana na korona. Halafu hata angekuwa nayo, haraka ya nini? Siku hizi kuna dawa inayozuia kirusi kuzaliana. Wengi wanapona. Au hukusikia?"

Hakusikia. Mbwa akatolewa, mume wangu akanawa mikono, akanawa tena, akaendelea kunawa mpaka nikamfungia bomba mwenyewe kwa kulizungusha kwa nguvu.

"Angetibika," alisema.

"Huenda."

"Tutamwambia mama."

"Lini?"

"Nikipata maneno."

Maneno hayakupatikana. Kila tulipokwenda kumsalimia, mama alikuwa na jirani kibarazani, na kila mara alimwonyesha mkwewe kwa kidevu. "Huyu, anaona ndani ya tumbo kama wewe unavyoona ndani ya sufuria." Mume wangu aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Mimi nilijitia kutafuta kitu kwenye mkoba. Niliona aibu, na bado nilikunywa chai ya mama yangu na kumuomba sukari zaidi. Nilijiambia kwamba siri ni ya mume wangu, aifungue mwenyewe. Maneno mazuri sana hayo, hasa ukiwa mwoga.

Kisha Kaptula akaacha kula.

Alikonda. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na antibiotiki haikuifanya lolote. Mama alimleta mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara aliuliza swali moja. "Mkwe, si ule ugonjwa wa dada yake?"

"Hapana, mama," mume wangu alijibu. "Mpapase mwenyewe. Kaptula hana maji."

Mama akapapasa tumbo lile bapa, akashusha pumzi kwa furaha. Nikageukia jokofu la chanjo na kulifungua, ingawa sikutaka kitu.

Kwa sababu mimi, mfuta mikojo, nimesikia mazungumzo ya kliniki hii kiasi cha kujua kwamba FIP ina sura mbili. Tulipofika nyumbani nilimvaa.

"Si kuna aina kavu?"

"Najua kuna aina kavu!" Akakaa. Sauti yake ikashuka. "Kinga ikishindwa kabisa, mishipa inavuja na maji yanajaa. Ikipambana nusunusu, maji hayaji, vinakuja vivimbe, kwenye figo, ini, macho, ubongo. Tatizo ni kwamba yule wa maji angalau anakupa maji ya kupima. Mkavu anakupa nini? Homa, kukonda. Magonjwa mangapi yana homa na kukonda? Nikitaka kipande cha figo nimpasue, na alivyo dhaifu anaweza kunifia mezani."

"Kwa hiyo unaogopa ugonjwa au unamwogopa mama?"

"Nikitamka FIP na nikawa nimekosea tena?"

"Na usipoitamka na ikawa ndiyo?"

Alizima taa. Niligeukia ukutani. Nilikuwa na hasira naye, halafu nikakumbuka kwamba mdomo wangu nao upo kichwani na unafanya kazi vizuri, na hasira ikapotelea huko.

Kwa haki yake, kesho yake alimchukua Kaptula kwa mama, akaanza kazi upya. Alipima protini za damu: globulini, zile za kinga, zilikuwa juu, albumini chini. Akapitisha kifaa cha altrasaundi kwenye tumbo, akaona figo zimekuwa na manundu. Jicho la kushoto la Kaptula lilikuwa limebadilika rangi, limekuwa kama chai iliyomwagiwa maziwa, na miguu ya nyuma ilianza kupishana anapotembea. Alimpigia Profesa, safari hii akianza na "sijui."

"Kila kimoja peke yake hakithibitishi," Profesa alimwambia. "Vyote pamoja vinaegemea huko. Dawa ianze. Akiwa na FIP, homa itashuka ndani ya siku chache, na hilo nalo litakuwa jibu. Ila usimwahidi mwenye paka uhakika ambao huna."

Kaptula akarudishwa kwa mama, dawa ikaagizwa, ikafika. Tukapanga kumfuata mama Jumamosi. Hatukumuwahi. Ijumaa asubuhi aliingia kliniki na kikapu, amevaa vitenge vyake vya kuendea misibani.

Akamweka Kaptula mezani. Yule paka hakukagua chochote. Alikaa tu, jicho moja bovu, kichwa kikitikisika.

"Mkwe," mama alisema, "jirani yangu amesoma kwenye simu. Kumbe ugonjwa ule upo na mkavu. Nimeelewa kwa nini ulikuwa unanificha. Ulinionea huruma, nami nakushukuru." Sauti yake ilikatika, akaitafuta tena. "Uliniambia hauna dawa, na kumwacha ni kumtesa. Basi mfanyie kama ulivyomfanyia dada yake. Sasa hivi, kabla sijabadilisha mawazo."

Bomba lilidondosha. Nilimtazama mume wangu. Angeweza kusema tu kwamba dawa mpya imepatikana. Mama angefurahi, paka angetibiwa, na sifa zingeendelea kibarazani. Nilitaka aseme hivyo. Naandika kama ilivyokuwa: nilimwombea adanganye.

"Mama," alisema, "Shangazi hakuwa na FIP."

Mama akamtazama bila kuelewa.

"Alikuwa na ugonjwa wa ini unaofanana nao. Niliona maji, niliona tone, nikaona kipimo, nikadhani nimeona ugonjwa. Vyote vile vinaweza kutoka kwenye magonjwa mengine. Na hata dawa ya FIP ilikuwepo, sikuwa najua. Nilimuua, mama, na huenda angepona."

Mama akaweka kiganja juu ya mgongo wa Kaptula.

"Siku ile ulikuwa na uhakika?"

"Nilikuwa nao, mama."

"Na huyu?"

"Huyu nadhani anayo. Sina uhakika. Dawa ni ya kila siku, kama miezi mitatu, na kwa kuwa ugonjwa umeshafika kwenye jicho na ubongo lazima dozi iwe kubwa. Anaweza asipone."

"Lakini hujui."

"Sijui, mama."

Nilidhani atambeba paka wake aondoke. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Mtibu," alisema.

Mume wangu akaenda kwenye jokofu. Nikasogea kumshika Kaptula kama kazi yangu ilivyo, na hapo ndipo mama aliponigeukia. Hakupandisha sauti.

"Na wewe? Ulijua?"

Ningeweza kusema nimesikia leo. Nilifungua mdomo kabisa. "Nilijua, mama. Tangu Profesa alipopiga simu."

"Siku zote hizo mnakuja kwangu."

"Ndiyo, mama."

Mama akamwonyesha kwa kidevu mume wangu aliyekuwa anavuta dawa kwenye sindano.

"Huyu alikosea kwa sababu hakujua," alisema. "Wewe ulijua. Na wewe nimekuzaa mimi."