Mia Iliyotoka Hewani

Wanafunzi walimwita Bibi Tisa, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilitokana na wimbo alioutunga miaka ishirini na sita nyuma, wa kuwafundisha watoto kutoa kwenye namba yenye sifuri katikati. Darasa zima liliuimba likipiga meza:

*Sifuri hana kitu,*
*ukimgusa huwa tisa,*
*wa mwisho mpe kumi,*
*toa bila kusita!*

Wimbo ulikuwa mtamu, na mtoto aliyeuimba Jumatatu aliuimba mpaka bafuni. Bibi Tisa aliuandika kwa rangi nyekundu juu ya ubao, na mtu aliyethubutu kusema una kasoro angetafuta pa kujificha.

Ijumaa hiyo mchana alikaa katika ofisi ya walimu, mbele yake karatasi arobaini na nne za zoezi la kutoa, zote zimeshasahihishwa, zikaonyeshwa watoto asubuhi na kukusanywa tena. Kila karatasi ilikuwa na maswali kumi. Ishirini na watatu walikuwa chini ya nusu. Mkuu wa shule alishasema tangu mwanzo wa muhula: atakayekuwa chini ya nusu kwenye zoezi hili anashuka kundi la chini, akarudie hesabu za mwaka jana mpaka muhula uishe, wenzake wakiendelea na hesabu za sehemu. Orodha aliitaka Jumatatu asubuhi.

"Ishirini na watatu," Bibi Tisa alimwambia mwalimu kijana aliyekaa meza ya pili, binti wa watu mwenye mwaka mmoja tu kazini. "Nusu ya darasa, mwanangu. Mwaka huu nimeletewa mawe."

"Pole, Mama. Na Haraka yumo?"

Haraka alikuwa msichana wa dawati la mbele, aliyeitwa hivyo kwa sababu alimaliza kabla wenzake hawajaandika tarehe. Alikuwa amepata nne. Aliporudishiwa karatasi asubuhi, alilia bila sauti, akaifunika kwa mkono ili mwenzake asione. Bibi Tisa alijifanya hakuona.

"Yumo," alisema. "Hata mimi sielewi. Yule mtoto si mjinga."

"Kaandika nini?"

"Nimekwambia, kapata nne."

"Siulizi kapata ngapi, Mama. Kwenye zile alizokosa, kaandika nini?"

Bibi Tisa alitazama rundo la karatasi. Ukweli ni kwamba hakujua. Alisahihisha kama alivyosahihisha siku zote: kipande cha karatasi chenye majibu pembeni, macho yanashuka, mkono unapiga mkasi wa kosa au alama ya vema, karatasi inayofuata. Jibu baya kwake lilikuwa baya tu, halina jina wala ukoo.

Kijana alivuta kiti. Alichora jedwali kwenye karatasi kubwa: majina yakishuka kushoto, namba za maswali zikipangwa juu. Penye vema akaacha wazi. Penye mkasi hakuandika mkasi, aliandika lile jibu lenyewe alilotoa mtoto. Bibi Tisa alisoma, yeye akaandika, na kwa karatasi kumi za kwanza mkubwa alikuwa anaona ni kupoteza muda, chai inapoa.

Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikijirudia.

"Swali la tatu, mia tano na tatu toa mia mbili sitini na saba. Mia tatu thelathini na sita. Anayefuata, mia tatu thelathini na sita. Na huyu, mia tatu thelathini na… Hawa wameangaliana!"

"Huyu anakaa dirishani na huyu mlangoni," alisema kijana. "Labda waangaliane kwa darubini."

Walicheka, wakaendelea. Jedwali lilipojaa, mambo yalijionyesha yenyewe. Watoto kumi na saba walikuwa wamepata maswali manne na kukosa sita, na manne yale ni yaleyale kwa wote, na sita yale ni yaleyale. Manne hayakuwa na sifuri. Sita yote yalikuwa na sifuri katikati ya namba ya juu.

Wanne wengine walikuwa na ugonjwa wao: kwenye swali la tatu waliandika 364. Hao walitoa dogo kwenye kubwa kila safu, bila kujali lipi liko juu, na walikosa hata yasiyo na sifuri ilimradi yanahitaji kuazima kwa jirani. Mmoja alipanga namba kuanzia kushoto, hata 38 ikakaa chini ya mamia. Wa mwisho aliacha nafasi sita tupu, na daftari la mahudhurio likaeleza kwa nini: wiki ya somo hilo alikuwa anaumwa.

"Ishirini na watatu wako, Mama, si kundi moja," alisema kijana. "Ni makundi matatu na mgonjwa."

Lakini Bibi Tisa alikuwa amebaki kwa wale kumi na saba. Alichukua kalamu. Jibu sahihi 236, wao 336. Mia saba na mbili toa mia tatu hamsini na nane: sahihi 344, wao 444. Mia sita na nne toa thelathini na nane: sahihi 566, wao 666. Alirudia mara mbili, maana hakuamini.

"Mia moja," alisema taratibu. "Kila jibu limezidi mia moja kamili. Wanaipata wapi hiyo mia?"

Alivuta karatasi ya Haraka. Kazi ilikuwa safi, mtoto hakuficha kitu. Sifuri imekatwa, juu yake tisa. Tatu imekuwa kumi na tatu. Na ile tano ya mamia imekaa pale pale, nzima, haijaguswa. Kumi za sifuri zilitoka kwenye mia, lakini mia haikupunguzwa. Ilitoka hewani.

Bibi Tisa aliusoma wimbo wake kimoyomoyo, mstari kwa mstari. Sifuri yupo. Wa mwisho yupo. Aliyetoa hayupo. Watoto walikuwa wamefanya kila kitu alichowaambia, na hawakufanya alichosahau kuwaambia.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

"Haiwezekani," alisema. "Miaka ishirini na sita! Hao wa zamani walifaulu vipi?"

Kijana alitazama chini, maana mkubwa hasahihishwi kwa mkasi. "Labda walikuwa na kitu kingine, Mama."

Na walikuwa nacho. Njiti. Boksi zima la njiti za ufagio zilizofungwa kumikumi, na vifungu kumi ndani ya kila mfuko wa mia. Muhula uliopita, sakafu ya darasa ilipokarabatiwa, boksi lilitupwa pamoja na takataka. Bibi Tisa alisema, basi, wimbo utatosha. Kutengeneza njiti mia kadhaa upya si mchezo, na magoti yake yanajua.

Jumamosi alinunua fagio mpya akazivunjavunja sebuleni. Mumewe, fundi cherehani mstaafu, alimtazama juu ya miwani.

"Mke wangu, watu hununua fagio wafagie."

"Nafundisha kutoa, watoto wamekosea. Lete uzi."

"Kosa la nani?"

"Langu."

Mzee alikuwa na la kusema, lilionekana mdomoni, lakini miaka arobaini ya ndoa ilikuwa imemfundisha. Alileta uzi. Walifunga vifungu mpaka adhuhuri, yeye akihesabu kwa sauti ili mkewe asipotee.

Jumatatu asubuhi na mapema, Bibi Tisa alibisha mlango wa Mkuu wa shule. Mkuu alisimama. Alikuwa mwanafunzi wake zamani, dawati la tatu, na cheo hakikuwahi kumwondolea adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Orodha yako sijaileta. Nimeleta hii."

Alimwekea jedwali mezani. Aliomba kipindi kimoja kwa wale kumi na saba, kisha maswali manne mapya. Wale wanne atawachukua kando kila siku kwa juma zima, kwa sababu tatizo lao limeanzia nyuma zaidi. Wa kupanga kushoto anahitaji daftari la vyumba, kila tarakimu chumba chake, na dakika kumi. Mgonjwa anahitaji kufundishwa, maana hajawahi kufundishwa. Baada ya hapo, atakayebaki chini ya nusu, yeye mwenyewe ataandika jina lake.

Mkuu alifuata safu kwa kidole. Upande wa kulia Bibi Tisa alikuwa ameongeza safu moja, *chanzo cha kosa*, na mbele ya watoto kumi na saba aliandika neno moja: *Mwalimu*.

"Mwalimu, wimbo ule…" Mkuu alianza, akasita. Alichukua kalamu, akaandika 503 toa 267 pembeni. Aliufanya polepole: tano akaifanya nne, sifuri tisa, tatu kumi na tatu. 236. Alitabasamu. "Wimbo wenyewe nimeshausahau maneno. Ninachokumbuka ni ule mfuko. Ulikuwa unanipa niufungue, na nilikuwa naona uchungu kuuharibu."

Bibi Tisa aliitazama ile 236. Aliitikia kwa kichwa.

"Chukua kipindi," alisema Mkuu. "Chukua na cha pili."

Darasani aliwarudishia karatasi zao, na hakuimba. Alipanga mezani mifuko mitano, vifungu hakuna, njiti tatu. Akamwita Haraka mbele.

"Nipe njiti saba."

Haraka alitazama njiti tatu. Alitazama nafasi tupu ya vifungu. Wenzake wakaanza kupiga meza kwa mazoea, *sifuri hana kitu*, na Bibi Tisa akainua mkono wakanyamaza.

"Usiimbe. Nipe njiti saba."

Mtoto alisita, yeye ambaye hakuwahi kusita. Kisha akanyoosha mkono kwenye mfuko mmoja, akaufungua. Vifungu kumi vikamwagika. Alichukua kimoja, akakata uzi: njiti kumi na tatu. Akahesabu vifungu vilivyobaki, tisa. Akahesabu mifuko.

"Mwalimu," alisema, "mifuko imebaki minne."

"Ilikuwa mingapi?"

"Mitano. Mimi kwenye karatasi niliacha mitano." Alifikiri. "Ule mmoja niliuhesabu mara mbili."

Darasa lote lilivuta pumzi. Watoto walianza kufunua karatasi zao bila kuambiwa, na kutoka dawati la dirishani na dawati la mlangoni zikasikika sauti mbili pamoja: "Hata mimi!"

Saa tano walifanya maswali manne mapya, mawili yenye sifuri. Kati ya kumi na saba, kumi na watano walipata yote. Wawili walibaki, na safari hii Bibi Tisa alijua kila mmoja alikwama hatua ipi, kwa sababu aliangalia walichoandika.

Kengele ilipolia, alipanda kiti kwa uangalifu wa magoti yake, akaanza kuufuta wimbo kwa kitambaa na mafuta ya taa. Haraka alibaki nyuma kumshikia kiti.

"Mwalimu, tusiuimbe tena?"

"Una kasoro. Mimi ndiye niliyekosea, si ninyi."

Mtoto alitazama rangi nyekundu ikichuruzika. "Usiufute wote," alisema. "Ongeza tu mstari wa mfuko."

Bibi Tisa alisimamisha kitambaa. Kisha alishuka, akachukua kabatini brashi na kopo la rangi nyekundu, akampa.

"Haya. Panda wewe, uandike."