Kibali cha Nyumba ya Msamvu

Mwaka 1972, siku tulipoanua matanga ya mume wangu Alois, mzee Maneno aliyetuuzia nyumba ya Msamvu alisimama mlangoni.

"Mama Rosa, mkataba umekufa na mumeo. Lete awamu ya pili ya malipo leo, au toka!"

Nilikimbilia kwa wakili aliyetuandikia mkataba.

"Hati ya nyumba tuliikagua, ni yake," alisema. "Lakini awamu ya pili hulipwa baada ya serikali kutoa kibali cha mauzo. Bado haijakitoa. Na mkataba unawafunga hata warithi."

"Kibali kikikataliwa?"

"Atarudisha awamu ya kwanza, nanyi mtahama."

Nilimkuta Maneno ameketi kizingitini.

"Shikamoo mzee. Kibali kiko wapi?"

Aliondoka akinung'unika. Tangu hapo, kila tarishi alipopita, niliwavuta watoto ndani, nikihofia amebeba barua ya kukataa kibali.