Barua ya Fahali Mwekundu

Barua niliiandika mwenyewe, maana Baba Chelangat akishika kalamu hutafuta visingizio. "Mwalimu Mkuu, binti yangu Chelangat wa kidato cha nne amerudishwa nyumbani kwa deni la elfu ishirini na moja. Naomba arudi darasani leo, mtihani unakaribia. Nitaleta fahali wetu mwekundu, mwenye pembe iliyopinda kuelekea jichoni. Mumpime, bei yake ikate deni."

Fahali huyo tulimweka kwa rafiki wa mume wangu kule Chepalungu. Kwetu ng'ombe hawalali wote boma moja, ugonjwa ukiingia usiwamalize. Kila nilipomuuliza mume wangu, alijibu, "Ananenepa."

Ofisini, Mwalimu Mkuu, Bwana Koskei, akaisoma barua, akarudia. Akamwita karani wa fedha.

"Mama," karani akasema, "huyu fahali tulimpokea Agosti. Wanafunzi walimla."

"Mlimla nani?"

"Mzee wako alimleta mwenyewe. Ada ya Kimeli, kidato cha pili."

"Mimi sina Kimeli."

Karani akatazama dirishani. Koskei akavua miwani, akasema polepole, "Ameandikwa mwana wa mumeo, Arap Sigei. Nilidhani ni nyumba ndogo mnayoijua."

Kichwani nikasikia neno moja tu: ananenepa. Mwanamume yule alinitazama machoni akila ugali wangu. Nilitaka kutoka nimtafute hapohapo nimrarue shati, lakini Chelangat alikuwa amekaa nje langoni na sare yake, ananisubiri.

"Nipe kalamu," nikasema.

Nikamfuta fahali. Nikaandika: maziwa lita sita kila asubuhi, kuanzia kesho, ya ng'ombe wangu niliyepewa na mama yangu. "Huyu hana rafiki Chepalungu," nikamwambia Koskei.

Hakucheka. Akapiga hesabu ya maziwa na karani, akaandika chini ya barua, "Nimekubali, arejee darasani," akapiga muhuri.

Nilipofika langoni Chelangat akasimama. "Mama, wamekataa?"

"Wamekubali. Mwonyeshe mwalimu wa zamu barua hii." Nikamshika mkono kabla hajaenda. "Unamjua Kimeli wa kidato cha pili?"

"Yule? Mimi nikitolewa kwenye foleni ya chakula kwa sababu ya deni, yeye hunigawia githeri yake. Kila siku, Mama. Ananiita dada. Nilidhani ni heshima tu."

Nikakaa chini kwenye nyasi. Kumbe mtoto huyo alijua, na kile chakula alichomgawia binti yangu kililipwa na fahali wetu.

"Mama?"

"Nenda darasani," nikamwambia. "Na ukimwona, mwambie kesho nikileta maziwa nitataka kumsalimu."